Uso wa chale juu ya swali la mtu

Chukua grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, watu 240. Saa tatu usiku mama mmoja anaandika: "Vifaranga wangu wana siku 14, leo nimewapa chanjo ya gumboro kwenye maji ya bomba. Kuna shida?" Dakika mbili baadaye mtu anamjibu kwa 🤔 tupu, bila neno. Mwingine anabandika 🤡 chini ya ujumbe wake. Baada ya hapo zinafuata 😂 kumi na moja, na hakuna aliyeandika jibu.

Lile swali lilikuwa zuri. Maji ya bomba huwekwa klorini ya kuua vijidudu, na chanjo ya gumboro ya kunywesha ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo klorini inaweza kukiua kabla kifaranga hajakinywa. Mfugaji huyo alikuwa ameligusa kosa lake mwenyewe. Alichohitaji ni mistari mitatu tu: tumia maji ya kisima au ya mvua, kama una ya bomba peke yake, tangulia kukoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, uache dakika 20 hadi 30 ndipo utie chanjo. Na vifaranga wayamalize ndani ya saa mbili. Badala yake alipewa nyuso mbili.

Nyuso hizo hazifanyi kazi moja. Chale ni tusi lililo wazi. Halisemi kitu kuhusu maji wala chanjo, linasema "wewe ni kichekesho". Linauma, lakini aliyelipokea anajua amepigwa wapi na nani kampiga, na hata watazamaji wanajua.

Ule wa kushika kidevu ndio tunaoudharau, na mara nyingi ndio unaokaa moyoni muda mrefu zaidi. Una njia ya kutokea. Ukimuuliza aliyeutuma, atakwambia, "Nilikuwa nafikiria tu." Watu wa pwani wanaijua mbinu hii kupitia kanga: jirani anajifunga kanga yenye maneno yanayokuelekea wewe, anapita mlangoni kwako mara mbili, na ukimuuliza anasema kavaa nguo tu. Ukikasirika, wewe ndiye unaonekana mgomvi. Ndivyo ilivyo 🤔 tupu. Aliyeuliza anabaki kuijazia maana mwenyewe. Anadhani nimeandika vibaya? Anadhani nadanganya? Anadhani sifai kufuga? Kwa kuwa hakuna sentensi ya kujibu, anaichukua ile maana mbaya kuliko zote na kulala nayo.

Si kila 🤔 ni kejeli, na hapo ndipo wengi hukosea upande wa pili. Iangalie imekaa wapi. Ikiwa mwishoni mwa sentensi yenye swali, kama "Maji uliyachota lini 🤔", huyo anafikiri kweli. Ikiwa peke yake, imejibiwa kwa kunukuu ujumbe wako, mbele ya watu, na aliyeituma hakurudi kuandika chochote kwa nusu saa, basi ilikuwa kijembe, au angalau imefanya kazi ya kijembe. Kuna pia wazee wanaoutuma uso huo wakiuona kama mtu aliyeshika tama, yaani wanakuonea huruma. Ukimjua aliyetuma, mpe nafasi hiyo kwanza.

Kuna jambo la kiufundi lililoongeza makali. Hadi 2022, kumcheka mtu WhatsApp kulitaka uandike ujumbe wako mwenyewe, na ujumbe husogezwa juu na mazungumzo mengine. Mei mwaka huo ikaja namna ya kubandika alama juu ya ujumbe wa mwenzako, kwanza alama sita tu, na kufikia Julai emoji yoyote. Sasa chale linaning'inia chini ya maneno yako mwenyewe. Kila anayepandisha grupu kutafuta habari za gumboro wiki ijayo atalikuta hapo. Tena wa pili na wa tatu hawahitaji hata kufikiri, wanarudia alama iliyokwisha kuwekwa na namba inapanda. Waliogusa ni kumi na wawili kati ya 240, lakini anayezitazama anaona grupu zima limemgeukia. Anausoma upya ujumbe wake mara tano, uso unamwaka, kisha anaufuta. Mara nyingi huo ndio ujumbe wake wa mwisho hapo. Anabaki msomaji wa kimya, na tatizo la vifaranga anakwenda kulibeba peke yake.

Ukiwa wewe ndiye uliyewekewa, usifute ujumbe haraka. WhatsApp inakupa zaidi ya siku mbili za kuufuta kwa wote, na ukiufuta sasa hivi, yule mtaalamu anayeingia mtandaoni saa nne hatauona. Gusa alama uone majina, maana kuona kwamba ni watu watatu unaowajua kunapunguza ukubwa wa jambo. Kisha ijibu 🤔 kana kwamba ni swali la kweli, mara moja tu: "Unatilia shaka maji au siku za vifaranga?" Kama alikuwa na hoja, ataitoa. Kama hakuwa nayo, ukimya wake utaonekana na wote. Chale usilijibu mbele ya watu, kwa sababu halina hoja ya kujibiwa. Mwandikie admini faraghani. Na usiku huo zima arifa za alama kwenye mipangilio ya arifa, simu isikuite kila mtu anapocheka.

Uliyeweka chale na moyo umekusuta, kuliondoa ni kugusa alama yako tena. Lakini huenda mwenzako alishaliona, hivyo kuliondoa kimyakimya hakutoshi. Mwandikie: "Niliweka chale kwenye swali lako. Halikuwa swali la kuchekwa." Usiandike "samahani kama umekwazika", maana hapo unamrudishia yeye mzigo.

Kwa admini, kosa la kawaida ni kufuta ujumbe mzima ili kicheko kiishe. Aliyeadhibiwa hapo ni muulizaji. Kinachosaidia zaidi ni wewe, au mtu anayeheshimika, kulinukuu swali na kulijibu kikamilifu mapema kadiri uwezavyo. Wengi huacha kubandika pale mtu wa kuaminika anapolichukua swali kwa uzito. Kama grupu liko Telegram, ingia mipangilio ya grupu, sehemu ya alama, uchague zinazoruhusiwa na uiache 🤡 nje. WhatsApp haina kitufe hicho, kwa hiyo andika kwenye maelezo ya grupu sentensi moja iliyo bayana: "Alama ya chale haiwekwi juu ya swali la mwanachama." Ukiandika "tuheshimiane" tu, kila mtu ataona anaheshimu.

Yule mama akiwa ameshanyamaza au ameondoka, mfuate faraghani na jibu lenyewe, bila kuanza na hadithi ya nani alimcheka: "Dada, kuhusu chanjo yako, maji ya bomba huenda yameiharibu. Ongea na daktari wa mifugo kama urudie sasa au usubiri dozi ya siku ya 28, na safari hii weka maziwa ya unga kwanza."