Kwamba na Ambayo: Jinsi Ninavyosahihisha dass, das na ß

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa B1, aliniletea insha kuhusu nyumba yao mpya, na ndani yake mlikuwa na sentensi hizi tatu:

> Ich weis, das meine Mutter müde ist. Das Haus, dass wir gekauft haben, liegt an einer großen Strasse. Ich hoffe, das das Wasser bald fliesst.

Mna makosa sita hapo, na yote yanahusu herufi s. Zamani ningeyapigia mstari mwekundu yote kwa pamoja, lakini siku hizi huyatenganisha kwanza, kwa kuwa ni ya aina mbili zisizofanana: dass na das hutamkwa sawasawa kabisa, hivyo sikio halimsaidii mwandishi, ilhali katika kuchagua kati ya ß na ss sikio ndilo linaloamua.

Nianze na dass. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna msaada mzuri katika lugha yetu wenyewe. Mwanafunzi alitaka kusema, “Ninajua kwamba mama amechoka.” Palipo na “kwamba”, Kijerumani huandika dass. Katika sentensi ya pili alitaka kusema, “Nyumba ambayo tumeinunua.” Hapo pana kirejeshi, nacho ni das. “Ambayo” imefuata ngeli ya nyumba, na das vivyo hivyo imefuata jinsi ya neno Haus. Nilimwomba aweke Wohnung mahali pa Haus, naye akaandika mwenyewe “die Wohnung, die wir gekauft haben”. Kirejeshi kimebadilika pamoja na nomino yake, ilhali dass, kama “kwamba”, haibadiliki kamwe. Sentensi ya tatu inayahitaji yote mawili: dass ya “kwamba”, kisha das ya kibainishi cha Wasser.

Kwa muda mrefu nilifundisha kipimo hicho cha “kwamba” peke yake, na hilo lilikuwa kosa langu. “Ich möchte, dass du kommst” kwa Kiswahili ni “Nataka uje”, wala hakuna “kwamba” popote, na wanafunzi walionisikiliza kwa makini ndio walioandika das. Kwa hiyo sasa naongeza kipimo wanachotumia Wajerumani wenyewe: jaribu kuweka dieses au welches mahali pa neno unalolitilia shaka. Likikubali, andika das. Likikataa, andika dass. “Ich glaube, das stimmt” inakubali dieses, kwa maana ya “naamini hilo ni kweli”, na utaona kwamba kitenzi kimekaa mara baada ya das. Ukianza na dass, kitenzi hurudi mwisho: “Ich glaube, dass das stimmt.”

Sasa ß na ss. Kanuni iliyoletwa na mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996 ni kwamba ß huandikwa baada ya irabu ndefu au irabu mbili zilizoungana, kama katika Straße, weiß na fließt, na ss baada ya irabu fupi, kama katika Wasser, Fluss na muss. Ugumu wetu ni kwamba Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, hivyo mwanafunzi hutamka Wasser kana kwamba a yake ni ndefu, halafu kalamu humfuata mdomo. Ndiyo maana simwachi akariri neno moja moja, bali namtaka asome kwa sauti maumbo yote ya kitenzi: wissen, ich weiß, gewusst, fließen, floss, geflossen, essen, aß, gegessen. Herufi hubadilika ndani ya kitenzi kimoja kwa sababu irabu imebadilika.

Kanuni hii haisemi lini s moja inatosha. Kwa Haus na Gras, refusha neno: katika Häuser na Gräser inasikika z, kwa hiyo ni s, katika Füße inabaki s kavu, kwa hiyo Fuß. Maneno kama bis, was na Ergebnis yana irabu fupi na s moja tu mwishoni, na hayo hukaririwa.

Kabla ya kuweka alama nyekundu, huuliza pia mwanafunzi amesoma kitabu gani. Anayeandika daß, muß na Fluß huenda amenakili kwa uaminifu kutoka kitabu cha kabla ya mageuzi, na anayeandika Strasse na gross kila mahali huenda amejifunza kwa maandishi ya Uswisi, ambako ß haitumiki. Huyu wangu aliandika großen na Strasse katika sentensi moja, nikajua kwamba alikuwa akibahatisha, tukarudi kwenye kusoma kwa sauti.