Kusoma majibu ya udongo: P ya maabara na mfuko wa DAP

"Nina ekari 2 za mtama Kongwa. Maabara imeandika kwa hekta: N kilo 40, P kilo 20. Dukani kuna DAP na Urea. Ninunue kiasi gani?"

Ndugu, hapo kwenye P, yaani fosforasi, ndipo wengi tunateleza. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46: asilimia 18 ni N, yaani nitrojeni, na hiyo 46 si P tupu, ni P₂O₅, fosforasi iliyoungana na oksijeni. P kilo 20 zidisha kwa 2.29, unapata karibu kilo 46 za P₂O₅, yaani DAP kilo 100 kwa hekta. Ukisahau kuzidisha utanunua kilo 43 tu, chini ya nusu.

DAP hiyo tayari inakupa N kilo 18. Zimebaki 22; Urea ina N asilimia 46, basi gawa kwa 0.46, Urea ni kilo 48 kwa hekta. Ekari 2 ni kama hekta 0.8, kwa hiyo nunua DAP kilo 80 na Urea kilo 38. Lakini hakikisha karatasi inasema P, maana nyingine huandika P₂O₅ moja kwa moja.

Halafu nikuulize: sampuli uliichota wapi? Kama kuna zizi la zamani humo shambani na uligusa hapo, fosforasi ilipanda na majibu yanadanganya. Mimi huruka zizi na kichuguu, nachota sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina sentimita 20, nachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki, napeleka nusu kilo. Kipande cha mbuga kiwe na sampuli yake.