Slaidi moja, hoja moja: ushauri kwa wauzaji wanaoanza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuuza taa kwa wenye maghala, nilipangiwa nusu saa na meneja ununuzi wa kampuni moja, nami nikaandaa slaidi 24. Meneja alichelewa, akaketi akitazama saa, akaniambia kwamba zimebaki dakika kumi. Nikaanza na historia ya kampuni yetu, kisha vyeti, kisha picha za ofisi. Kabla sijafika popote akanikatiza: "Kijana, kwa mwezi nitaokoa shilingi ngapi?" Jibu lilikuwa kwenye slaidi ya 17, ndani ya jedwali lenye safu tisa, na wakati nikilitafuta simu yake ikaita, akatoka.

Slaidi zile hazikuwa na uongo wowote. Kosa lake ni kwamba zilipangwa kwa mfuatano wa mambo niliyotaka kuyasema, ilhali mnunuzi mwenye shughuli nyingi huja na swali moja au mawili, na slaidi isiyoyagusa ni kizuizi tu kati yake na jibu.

Tuchukue hesabu yenyewe. Ghala lilikuwa na taa 300 za tyubu za wati 36, zinazowaka saa 12 kwa siku, na sisi tulipendekeza za LED za wati 18. Kila taa inapunguza wati 18, kwa hiyo ghala zima linaokoa uniti 64.8 kwa siku, yaani uniti 1,944 kwa siku 30. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 350, hiyo ni shilingi 680,400 kwa mwezi. Tyubu moja tuliiuza shilingi 9,000, jumla 2,700,000, na fedha hiyo inarudi katika muda wa miezi minne hivi.

Slaidi yangu ya zamani iliyabeba yote hayo chini ya kichwa "Ulinganisho wa Matumizi ya Umeme". Kichwa cha namna hiyo hutaja mada bila kusema lolote juu yake, na humwachia msomaji kazi ya kutafuta maana. Nilipoiandika upya, kichwa kilikuwa sentensi kamili: "Taa hizi zinarudisha gharama yake ndani ya miezi 4". Chini yake niliweka nguzo mbili tu, moja ya bei ya taa na nyingine ya akiba ya miezi minne, kila moja ikiwa na kiasi chake kimeandikwa juu yake, zote zikianzia sifuri ili urefu wake usidanganye. Mistari ya nyuma ya grafu niliifuta, na herufi hazikushuka chini ya ukubwa wa 28. Hata umeme unaoliwa na choki za taa za zamani niliuacha, ingawa ungeongeza akiba, kwa sababu kuueleza kunahitaji slaidi nyingine na mnunuzi hakuuliza habari za choki.

Ukitaka kujua kama slaidi inabeba hoja moja, mwonyeshe mwenzako asiyehusika kwa sekunde tano, uifunge, kisha umuulize imesema nini. Akikutajia mambo mawili, igawanye. Akikutajia rangi, ianze upya. Baada ya hapo soma vichwa peke yake kwa mfuatano, kwani vikiwa sentensi nzuri vitasomeka kama aya moja inayoeleweka bila picha.

Slaidi zenye maneno machache zina udhaifu wake: zikitumwa bila msemaji, hazijitoshelezi. Kwa hiyo hesabu nzima, pamoja na makadirio ya saa na bei ya uniti, iandike kwenye karatasi moja ya kumwachia mhasibu, usiirudishe kwenye slaidi kwa hofu kwamba utaonekana hukujiandaa. Mambo ya ziada yaweke mwishoni mwa wasilisho. Katika PowerPoint, ukiwa unaonyesha, ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter utafika hapo moja kwa moja, na ukibonyeza B skrini inakuwa nyeusi ili mzungumze mkitazamana.

Slaidi ile mpya niliipeleka kwa mnunuzi mwingine mwenye ghala la ukubwa uleule. Aliitazama kidogo, akasema: "Taa 100 za upande wa nyuma tunaziwasha saa sita tu." Kwenye jedwali langu la safu tisa asingeliona kosa hilo. Nilipiga hesabu upya mbele yake: uniti 54 kwa siku, shilingi 567,000 kwa mwezi, gharama kurudi baada ya karibu miezi mitano. Nikafuta 4 kwenye kichwa, nikaandika 5, ndipo akaniomba karatasi ya mhasibu.