Buriani kwa stajieri wa wiki sita

*Mwalimu, stajieri wetu kwenye duka la dawa hapa Kadutu, Bukavu, anamaliza wiki zake sita Ijumaa. Kwenye kadi nimeandika: "Buriani ndugu yetu mpendwa. Ulikuwa kijana wa bidii, umeacha pengo lisilozibika. Karibu tena kazini." Mwenzangu alicheka, akauliza nani amekufa. Nimekosea wapi?*

Mwenzako ana sikio zuri. Kosa la kwanza ni "buriani". Neno hilo hubeba kuombana radhi: watu wanaachiliana makosa kwa sababu huenda wasionane tena. Ndiyo maana tunalisikia msibani au kwa anayekwenda mbali sana. Kijana wako anarudi tu chuoni, pengine mtaa wa pili. "Kwaheri" inamtosha, maana ni "kwa heri" tu, kumtakia njia njema.

"Pengo lisilozibika" nalo limetoka kwenye tanzia. Tena si kweli: Jumatatu mtauza dawa kama kawaida, na yeye mwenyewe anajua.

"Ulikuwa kijana wa bidii" ni kosa dogo zaidi, lakini ndilo lililomchekesha mwenzako bila yeye kujua. Ukiunganisha "-li-" na "kuwa" ili kueleza tabia ya mtu, unaifunga tabia hiyo kwenye wakati uliopita, pamoja na mwenyewe. Kwa jambo moja alilotenda, "-li-" haina shida: "ulipanga rafu zote kwa tarehe za kuisha dawa" haiziki mtu. Kwa hiyo iache sifa, utaje kazi. Wiki sita ni muda wa kuonyesha jambo moja au mawili, nayo yakitajwa kwa jina yanampendeza kuliko "mpendwa" kumi.

Ninaogopa zaidi "Karibu tena kazini". Wewe umeandika kwa adabu. Yeye, anayetafuta ajira, atasoma ahadi, na mwezi ujao atakuja na barua yake ya maombi. Kama nafasi haipo, mkaribishe kwenye salamu, si kwenye kazi.

Ningeandika hivi:

"Aksanti kwa wiki sita. Ulipanga rafu zetu kwa tarehe, na tangu hapo hatutafuti dawa kwa kubahatisha. Tunakutakia heri kwenye masomo. Ukipita Kadutu, ingia utusalimie."

Nimeandika "aksanti" kwa makusudi. Ndivyo tunavyosema Bukavu, na kadi inasomwa Bukavu. "Stajieri" vilevile usiibadilishe kuwa "mwanagenzi". Neno hilo la pili ni sahihi, ila kwa wengi humaanisha asiyejua kazi bado, na huyu ameshaijua kidogo.

Mkiwa mlangoni Ijumaa, usimsomee kadi. Mpe mkono, umwambie "wende muzuri".