Mlango umefungwa, lakini mama mkwe anagonga

Swali: Habari kaka. Tunaishi Majengo, Moshi, na mama mkwe, watoto wawili na dada wa kazi. Nimeanza kufanya hesabu za kampuni moja ya London nikiwa nyumbani. Nimebandika ratiba mlangoni, lakini bado nagongewa kila mara: gesi, wageni, shangazi. Mama anaona nashinda tu chumbani na kompyuta. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

Jibu: Dada, kwanza toka nje uisome hiyo ratiba kwa macho ya mama. Kama umeandika "9:00–11:30" jinsi kalenda ya kompyuta inavyoonyesha, yeye anasoma saa tisa alasiri. Kwa hesabu yake asubuhi yote huna kazi. Mimi hapa Arusha nilinuna wiki nzima kabla ya kugundua kwamba karatasi yangu ndiyo iliyokuwa ikidanganya. Andika saa zetu, kisha uzifunge kwenye mambo ya nyumbani: "Saa 3 asubuhi, uji ukishanywewa, mpaka saa 5 na nusu, kabla ya mchele kubandikwa." Hata asiyetazama saa ataelewa.

Halafu punguza hayo masaa. Mlango unaofungwa kutwa nzima hauheshimiwi na mtu, kwa sababu anayekuhitaji hana namna ila kugonga. Chagua saa mbili na nusu za kazi inayotaka kichwa kitulie, kama kulinganisha taarifa ya benki na vitabu. Barua pepe na ankara ndogo fanya mchana, mlango ukiwa wazi. Mimi hufunga khanga kwenye kitasa nikiwa ndani na kuifungua nikitoka. Ukiisahau pale hadi jioni, keshokutwa imeshakuwa pambo.

Kwa siku tatu, weka daftari mezani uandike kila anayegonga: saa ngapi, na alitaka nini. Nilipofanya hivyo nilihesabu hodi 14, na 9 kati yake zilikuwa za pesa: nyanya, mkaa, vocha, nauli ya bodaboda. Hapo hakukuwa na utovu wa adabu, pesa zilikuwa mfukoni mwangu tu. Tangu hapo naacha pesa ya matumizi kwenye kopo la kabatini usiku, na dada anaandika alichotumia. Zilizobaki zilikuwa wageni na watoto. Daftari lako huenda likasema mengine, ndiyo maana uandike kabla ya kutunga sheria.

Sasa mama. Ujumbe huu asiupokee kwako kwanza, aupokee kwa mwanawe. Mumeo akae naye jioni baada ya chakula, si wakati umeshagongewa na uso umekukunjana. Asiseme "asisumbuliwe". Aseme kazi ni ya nani, inalipa nini hapo nyumbani (kama ni ada, ataje ada), na wanaokulipa wanaitaka lini. Kisha wewe umwombe mama msaada: "Mama, saa hizo wageni nakuachia wewe." Mama wa Kichagga aliyekabidhiwa sebule hahitaji kufundishwa namna ya kumkalisha mgeni. Shangazi akishuka kutoka Machame kwenda soko la Mbuyuni, atakuta chai, na ataambiwa unatoka saa 5 na nusu.

Na saa 5 na nusu utoke kweli, hata kama hesabu imekataa kwa shilingi mia. Andika mstari mmoja wa ulipoishia ili ukirudi usianze upya, kisha uende ukasalimie. Ukichelewa mara tatu, maneno ya mama kwa wageni hayatakuwa na uzito tena, naye ataanza kugonga kwa niaba yao.

Kubalianeni pia ni nini kinachovunja mlango: mtoto kuumia, moto au gesi inayovuja, na habari ya msiba. Kuhusu msiba usijidanganye, hakuna ratiba itakayosimama mbele yake. Waambie wa London mapema kwamba siku moja utatoweka bila taarifa ndefu.

Kuna jambo moja litakalokuvurugia haya yote usipoliwahi. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Kikao chao cha saa 3 na nusu asubuhi kinakuangukia saa 6 na nusu mchana wakati wa baridi yao, na saa 5 na nusu wakati wa kiangazi chao, yaani dakika ileile uliyoahidi kutoka. Basi Jumapili hiyo ya Machi badilisha karatasi: ingia saa 2 na nusu, utoke saa 5, unywe chai na mama kabla ya kikao. Mwambie usiku huohuo kwamba ni Wazungu waliosogeza saa zao, asije akadhani ni wewe unayebadilisha maneno.