Insha ya AI ukiigeuza maneno, bado itajulikana?

"Eti kampuni ya AI inaweza kujua insha imetoka kwake hata nikibadilisha maneno? Wanajuaje?" (Mwanafunzi, Kisauni)

Njia moja iliyopendekezwa na watafiti ni hii dada: kampuni inaweka kila jibu inalotoa kwenye databesi yake, halafu mwalimu akileta insha yako wanatafuta mle ndani kama washawahi kutoa kitu kinachofanana nayo. Sema AI ilikuandikia "Meli huchelewa Kilindini kwa sababu makontena yamejaa bandarini", nawe ukageuza ikawa "Mrundiko wa makontena ndio unafanya meli zikae sana Kilindini". Maneno yamehama ila maana iko palepale. Kompyuta inageuza kila kifungu kuwa safu ya namba zinazobeba maana yake, na hivi viwili namba zao zitakaribiana, sasa ufanano ukipita kiwango walichoweka basi umepatikana. Ila sentensi moja ni fupi mno, watu wawili wanaweza kuiandika bila kujuana, ndo maana wanataka aya nzima angalau.

"Imejaribiwa kweli ama ni vitisho tu?" (Likoni)

Imejaribiwa. Mwaka 2023 mtafiti Krishna na wenzake walitengeneza modeli ya kugeuza maneno, DIPPER, wakaipitishia maandishi ya AI. Kigunduzi cha maandishi ya AI kinaitwa DetectGPT kilianguka kutoka kunasa 70.3% hadi 4.6%, wakati kutafuta kwenye databesi ya majibu milioni 15 kulinasa kati ya 80% na 97% ya yaliyogeuzwa, na kiwango kiliwekwa ili maandishi ya binadamu yanayosingiziwa yawe kama 1% tu.

"Nafundisha chuo hapa Tudor. Mwanafunzi kaandika mwenyewe, kaipa AI imrekebishie sarufi tu. Itasemaje?"

Itasema imepatikana mwalimu, na hapa ndipo naomba uwe makini sana. Aliporudishiwa ile aya iliyonyooshwa, ile ni jibu la AI na imehifadhiwa kama majibu mengine yote, kwa hivyo akikuletea wewe inalingana karibu neno kwa neno. Databesi inajua maandishi yalipita kwake, haijui fikra zilitoka kwa nani. Kampuni ikiwa imehifadhi na kile mwanafunzi alichoingiza inaweza kulinganisha, ikiona karibu yote yalikuwemo tangu mwanzo basi ni kusahihishwa tu, lakini wewe ukipewa skoa ya ufanano peke yake huwezi kuliona hilo. Muombe rasimu zake, mwambie akueleze hoja kwa mdomo, ndo uamue. Kumfelisha mtoto wa watu kwa skoa tu si haki kabisa.

"Na nikitumia AI ya kampuni nyengine?" (Mtwapa)

Hawakupati, kila kampuni inatafuta kwenye databesi yake tu, na modeli uliyodaunlodi ikafanya kazi kwenye laptop yako haimpelekei yeyote jibu la kuhifadhi. Pia ukigeuza maneno mara nyingi mfululizo ufanano unashuka. Kwa hivyo mwalimu wa Tudor na wewe sikia hapa, ukiambiwa "haikupatikana" maana yake haimo kwenye databesi ile moja, haimaanishi kaiandika mtu.