Dola ikishuka, mradi wako ndio unaolia

Mwaka wa kwanza nikiwa mhasibu wa mradi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: shilingi kuanguka. Kila nikifungua gazeti nasoma dola imepanda, natetemeka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwangu mimi hofu hiyo ilikuwa kinyumenyume. Anayeagiza mafuta au mtumba kutoka nje ndiye anayeumizwa na dola kupanda. Mradi unaopokea dola na kulipa mishahara, pango, posho na makandarasi kwa shilingi huumizwa dola inaposhuka. Ukianza kazi hii, andika hilo kwenye karatasi ulibandike ukutani. Na usiseme "shilingi imepanda" kwenye kikao, maana nusu ya waliopo watasikia kwamba dola moja sasa inatoa shilingi nyingi zaidi, na nusu nyingine watasikia kinyume chake. Taja dola, kisha taja tarakimu.

Nitawaeleza tulivyojikwaa Kenya mwaka 2024. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123, na kufikia Desemba ilikuwa imepita 150. Tulikuwa tunaandaa bajeti ya visima virefu tisa mwezi Novemba. Tukagharamia kila kitu kwa shilingi, jumla ikaja milioni 36. Tukagawanya kwa 150, tukamwomba mfadhili dola 240,000, nazo zikakubaliwa. Sokoni dola ilikuwa karibu 152, kwa hiyo tulijiona waangalifu kwa kutumia kiwango cha chini kidogo.

Awamu ya kwanza, dola 80,000, iliingia Januari. Benki ilizinunua kwa 158, tukapata 12,640,000. Tulikuwa tumepanga 12,000,000, kwa hiyo tulizidi kwa 640,000. Furaha ofisini! Meneja akaongeza siku mbili za mafunzo kwa kamati za maji, tukanunua na kompyuta mpakato mbili. Sikupinga. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu ile ziada haikuwa faida. Ilikuwa akiba ya awamu mbili zilizobaki, nasi tukaila.

Februari serikali ikauza Yurobondi mpya, yaani ikakopa dola bilioni 1.5 kwa wawekezaji wa nje, ili kulipa mapema sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, ambayo kwa miezi mingi soko lilikuwa limeogopa kwamba haitalipika. Hofu ikaisha, wenye dola walizozificha wakazitoa, na mpaka mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Mwenzangu wa mradi jirani alikuwa amekataa kubadilisha dola zake Januari kwa 158 akisubiri zifike 170, ilhali alikuwa na mishahara ya miezi mitatu ya kulipa. Alizibadilisha Aprili, huku uso umemsawijika. Tangu hapo nina sheria moja: shilingi unazojua utazilipa ndani ya robo mwaka, zibadilishe dola zikiingia. Sisi si wachuuzi wa fedha.

Awamu yetu ya pili iliingia Aprili kwa 129, ikatoa 10,320,000. Ya tatu, Agosti, kwa 128, ikatoa 10,240,000. Jumla ya zote tatu ni 33,200,000, badala ya milioni 36. Pungufu ya milioni 2.8, na kisima kimoja kilikuwa kinatugharimu karibu milioni 2.4. Fedha za mfadhili zilifika zote, senti kwa senti. Kilichopotea ni kisima.

Sasa, ningefanya nini tofauti? Kwanza, ningejua thamani ya shilingi moja. Baada ya awamu ya kwanza tulikuwa tunasubiri dola 160,000. Maana yake kila dola ikishuka kwa shilingi moja, mradi unapoteza shilingi 160,000. Hesabu hiyo haihitaji utabiri wowote, na bosi asiye mhasibu anaielewa mara moja. Punguza humo tu gharama unazolipa kwa dola zenyewe. Sisi tulikuwa na pampu za sola zilizonukuliwa kwa dola 25,000. Ukizilipa moja kwa moja kutoka akaunti ya dola, fungu hilo haliguswi na msukosuko, linabaki 135,000 tu la kuogopea. Mgeni kazini huwa anabadilisha fedha zote kuwa shilingi, halafu ananunua tena dola za kulipia pampu, na benki inakula kotekote.

Pili, kila mwisho wa mwezi ningeweka seli tatu kwenye jedwali: dola zilizobaki kupokelewa au kubadilishwa, ukitoa zile utakazolipa kama dola (B2), bei ambayo benki yetu inanunulia leo (B3), na shilingi zote tunazopaswa kulipa hadi mradi uishe, ukitoa zilizopo benki (B4).

```
=B2*B3-B4
```

Jibu likiwa hasi, una pengo leo, hata kama akaunti imejaa. Bei ya kuweka ni ile ya benki kununua dola kwako. Kiwango cha kati cha Benki Kuu ni kizuri kwa kufuatilia mwelekeo, ila hakuna atakayekupa hicho dirishani.

Kuhusu kujiwekea akiba ndani ya bajeti, wafadhili wengi hawapendi mstari wa dharura, na mikataba kadhaa inasema wazi kwamba hasara ya ubadilishaji si gharama inayokubalika. Mkataba wa benki wa kufunga bei mapema upo, lakini benki itataka dhamana, na mradi mdogo hauna. Njia iliyotufaa baadaye ni ya kupanga zamu: kazi moja inayoweza kuachwa bila kuharibu nyingine, iwekwe mwisho, na mkataba wake usisainiwe mpaka awamu ya mwisho iingie. Sisi tulikuwa tumesaini visima vyote Februari kwa mkataba mmoja.

Kuna mtego mwingine kwenye ripoti. Ukilipa 1,580,000 kutoka shilingi zilizobadilishwa kwa 158, umetumia dola 10,000. Ukiandika ripoti Aprili ukagawanya kwa 130 ya siku hiyo, utaonyesha dola 12,154, na mkaguzi atakuuliza hizo 2,154 zimetoka wapi. Isipokuwa mkataba umetaja kiwango kingine, tumia kile ulichobadilishia kweli, fungu la kwanza liishe kabla hujaanza kutumia cha fungu la pili. Tunza stakabadhi ya benki ya kila ubadilishaji, iliyo na tarehe, kiasi na kiwango. Mimi huziweka faili moja peke yake, nyekundu, kwa sababu mkaguzi huanzia hapo.

Mfadhili naye aambiwe mapema. Sisi tulimwandikia Juni: ukurasa mmoja, awamu mbili zilizokwisha kuingia na viwango vyake, makadirio ya awamu ya tatu, na ombi la kuhamisha fedha kutoka mstari wa uchapishaji na usafiri kwenda visima. Alikubali sehemu. Kisima cha nane kikachimbwa, cha tisa hakikuchimbwa. Afisa wake aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Machi mlikuwa hamjaona?" Tulikuwa tumeona. Tulikuwa tunangoja dola irudi.